Saa Nane Mchana Ufukweni: Kupanga Usalama wa Bonanza la Kazini

Desemba ikikaribia, ofisi nyingi za Dar es Salaam huunda kamati ya bonanza. Kamati hutafuta ufukwe, hukodi mahema na muziki, huagiza fulana, humlipa mpishi malipo ya awali. Zikibaki siku chache, mtu mmoja wa idara ya usalama huombwa ajaze fomu ya tathmini ya vihatarishi ili bosi aisaini. Fomu ni jedwali: kihatarishi chenyewe, uwezekano wa kutokea, ukubwa wa madhara, hatua za kudhibiti na mhusika. Hujazwa jioni moja, husainiwa asubuhi yake, na haibadilishi kitu, kwa sababu kila kilichoweza kubadilishwa kimeshalipiwa.

Jedwali hilo hilo likianza kujazwa siku kamati inapokaa kwa mara ya kwanza, linaweza kubadili tarehe, mahali, saa ya chakula, hata idadi ya watu. Tuchukue mfano mmoja tuufuatilie hadi mwisho. Kampuni ina wafanyakazi 400. Wakija na wenza na watoto, wanakadiriwa kuwa watu 1,000, na kati yao watoto walio chini ya miaka 12 ni 300. Mahali palipopendekezwa ni ufukwe wa Kigamboni, siku ya Jumamosi. Mabasi yanaondoka mjini saa mbili asubuhi, michezo inaanza saa tatu, chakula ni saa nane mchana, zawadi saa tisa, kisha muziki hadi saa kumi na mbili jioni. Hakuna cha ajabu katika ratiba hii. Ndiyo ratiba ya mabonanza mengi.

Nchini Tanzania usalama wa wafanyakazi unasimamiwa na OSHA chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003. Siku ya bonanza hakuna mashine inayozunguka wala shehena inayoinuliwa, na ndiyo maana wengi huiona kama siku iliyo nje ya kazi. Mimi sioni jinsi mwajiri aliyewaita watu, akawapakia kwenye mabasi yake, akawalisha na kuwapeleka baharini na watoto wao anavyoweza kujiweka kando pakitokea msiba. Watu wamekuja kwa sababu yeye amewaita.

Tuanze na tarakimu, maana hapo ndipo fomu nyingi zinapoharibika. Kwa kawaida uwezekano hupewa alama kuanzia 1 hadi 5, madhara vilevile, kisha alama mbili zinazidishwa. Kuteguka kifundo cha mguu kwenye mpira wa mchangani kuna uwezekano mkubwa, tuseme 5, lakini madhara yake ni madogo, 2. Jibu ni 10. Mtoto kuzama baharini kuna uwezekano mdogo, tuseme 2, lakini madhara ni kifo, 5. Jibu nalo ni 10. Kwa hesabu hiyo, kifundo kilichoteguka na mtoto aliyezama vina uzito sawa, na kamati inagawa muda na pesa sawasawa kwa vyote viwili. Hesabu si mbaya yenyewe, ila ina mpaka wake. Wanaoifanya kazi hii kwa umakini hutenga kwanza mistari yote yenye madhara ya 5, huishughulikia yote hata kama uwezekano wake ni 1, kisha ndipo huacha jibu la kuzidisha lipange mistari iliyobaki.

Alama ya uwezekano nayo haifai kutolewa kwa kukumbuka kwamba mwaka jana hakuna aliyeumia. Inatolewa kwa kuuliza ni watu wangapi watakuwa karibu na hatari hiyo, kwa muda gani, na nani atakuwa akiwaangalia. Watoto 300 karibu na bahari kwa saa tisa, wazazi wao wakiwa kwenye foleni, hiyo si 2 tena. Ni 3 au zaidi.

Hapo tumefika kwenye foleni, ambayo katika fomu nyingi haionekani kabisa kama kihatarishi. Meza moja ya chakula, watu wakipita upande mmoja na kupakuliwa pilau, nyama, kachumbari na ndizi, huhudumia watu kama wanne kwa dakika wahudumu wakiwa wepesi. Kwa watu 1,000 meza hiyo inahitaji dakika 250, yaani saa nne na dakika kumi. Anayeanza anakula saa nane mchana. Wa mwisho anapata sahani saa kumi na mbili na dakika kumi jioni, jua likikaribia kuzama. Kamati inayopanga meza moja haijapanga chakula cha saa nane. Imepanga foleni ya nusu siku.

Katika saa hizo nne mambo matatu yanakwenda kwa wakati mmoja. Chakula kinapoa ndani ya sufuria. Wazazi wamesimama mstarini huku watoto wakizunguka wenyewe. Na bahari inajaa. Fomu huyaandika kwenye mistari mitatu iliyotengana, mmoja juu, mmoja katikati, mwingine chini, kama vile hayajuani. Ndiyo maana kila jedwali la bonanza linatakiwa kusomwa mara ya pili kwa kufuata saa badala ya mistari: saa tatu asubuhi ni hatari zipi ziko pamoja, saa sita zipi, saa nane zipi. Katika mfano wetu saa nane mchana ndiyo saa mbaya kuliko zote, na kamati iliyosoma mistari peke yake isingeliona hilo.

Tuiangalie bahari kwanza. Pwani ya Dar es Salaam maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Wakati wa bamvua, yaani siku za karibu na mwezi mpevu au mwezi mwandamo, tofauti kati ya maji makavu na maji makuu hupita mita 3. Na kwa pwani hii, siku za bamvua maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na hujaa kabisa mnamo saa kumi jioni. Wavuvi na wakulima wa mwani hupanga kazi zao kwa mwendo huo. Kamati za bonanza hupanga kwa kuangalia ni Jumamosi gani ukumbi uko wazi.

Tazama basi kinachotokea Jumamosi ya bamvua. Saa tatu asubuhi msimamizi wa michezo anafika, anakuta mchanga mpana, mkavu na mgumu, unaofaa kwa kila kitu. Anachora uwanja wa mpira, anasimika bembea ya kujazwa upepo, anatenga kona ya watoto karibu na maji, ambayo wakati huo yako mbali na yana kina cha magoti. Saa nane mchana kona ile ile iko ukingoni mwa maji yanayopanda, na pale mtoto alipokuwa akisimama asubuhi sasa maji yanampita kichwani. Hakuna aliyefanya kosa la kuonekana. Mtoto amerudi tu mahali alipocheza asubuhi.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kudhibiti kuzama haihusu mwokoaji wala boya. Inahusu kalenda. Jedwali la kujaa na kupwa kwa maji la bandari ya Dar es Salaam huonyesha saa za kila siku ya mwaka, na mtu anayelisoma kabla ukumbi haujalipiwa anaweza kuchagua Jumamosi ya maji mafu, ambapo bahari haipandi wala haishuki sana. Kama tarehe haibadiliki, basi kila kitu cha watoto kinapangwa juu ya alama ya maji makuu, ule mstari wa mwani mkavu na takataka ambao bahari huuacha ufukweni. Ukiuona, unajua bahari inafika wapi.

Baada ya kalenda zinafuata hatua nyingine kwa mpangilio wa nguvu zake. Iliyo kali kuliko zote ni kutokuwa na kuogelea kabisa, na kwa watoto 300 mimi ningeipigania kwenye kikao, au angalau ningeomba eneo lenye bwawa la kina kifupi lililozungushiwa uzio. Kikao kikikataa, eneo moja tu la kuogelea linazungushiwa kamba yenye maboya, linafunguliwa kwa saa zilizotajwa, na linafungwa kabla chakula hakijaanza kugawiwa. Baa nayo haifunguliwi hadi kuogelea kufungwe. Kisha wanawekwa waokoaji wenye mafunzo ambao kazi yao ni kuangalia maji tu, wanaopokezana kila baada ya nusu saa kwa sababu jicho huchoka haraka linapotazama mng'ao wa bahari. Tangazo la mshereheshaji kwamba wazazi wawe makini na watoto wao linakuja mwisho kabisa, na kwenye fomu nyingi ndilo pekee lililoandikwa.

Mwokoaji anatakiwa kujua, na mzazi pia, kwamba mtu anayezama mara nyingi hapigi kelele. Mdomo unakuwa chini na juu ya maji kwa zamu, pumzi yote inatumika kupumua, mikono inasukuma maji kuelekea chini badala ya kupungwa hewani. Mtoto anaweza kutoweka chini ya maji kwa muda usiofika dakika moja, huku watu wazima wakiwa hatua chache tu. Anayesubiri kusikia yowe ndipo akimbie atachelewa.

Hebu linganisha mstari wa fomu kabla na baada ya kazi hii. Wa kwanza ulisomeka hivi: kuzama baharini, uwezekano 2, madhara 5, wahudhuriaji watatahadharishwa, mhusika, kamati ya maandalizi. Wa pili unasomeka: mtoto kuzama katika eneo la kuogelea au kwenye maji yanayojaa baada ya saa sita mchana, uwezekano 3, madhara 5, bonanza limehamishiwa Jumamosi ya maji mafu, eneo moja lenye kamba na maboya, linafunguliwa saa tatu na nusu na kufungwa saa saba na nusu, waokoaji wanne kwa zamu, kila mtoto ana bangili yenye namba ya simu ya mzazi, mhusika, jina la mtu mmoja aliyeko ufukweni, namba yake ya simu, na jina la atakayempokea akienda kula. Baada ya hatua hizo uwezekano umeshuka hadi 1. Madhara yamebaki 5.

Hilo la madhara kubaki 5 ni kipimo kizuri cha ukweli wa fomu. Boya na mwokoaji hupunguza uwezekano wa mtoto kuzama, ila hakuna kinachofanya kuzama kwenyewe kuwa kwepesi. Ukiona fomu ambayo baada ya tangazo la kipaza sauti madhara yameshuka kutoka 5 hadi 2, ujue mjazaji alikuwa anatafuta rangi ya kijani.

Sasa turudi kwenye sufuria. Mpishi wa watu 1,000 mara nyingi hapikii ufukweni. Anapikia kwake, tuseme Temeke, usiku, na kusafirisha. Swali ambalo mjumbe wa kamati anatakiwa kumuuliza ni fupi, na si la bei wala la idadi ya vipande vya nyama.

"Mama, shikamoo. Siku hiyo moto mtauzima saa ngapi?"

"Marahaba, mwanangu. Alfajiri ya saa kumi na moja pilau inakuwa imeiva yote. Tunafunika, tunapakia, saa tatu tuko huko. Usiwe na shaka."

Shaka ndiyo inaanzia hapo. Kutoka saa kumi na moja alfajiri hadi saa nane mchana ni saa tisa. Ukiongeza foleni ya saa nne, sahani ya mwisho ni ya chakula kilichopikwa saa kumi na tatu zilizopita. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili, na kinachosubiri kuliwa kiendelee kuwa na joto la zaidi ya nyuzi 60 za Selsiasi. Wali una tatizo lake la pekee. Bakteria aitwaye Basilasi sereasi hutengeneza vijimbegu vinavyostahimili kuchemka, na wali ukipoa polepole ndani ya sufuria kubwa iliyofunikwa huamka na kutoa sumu. Sumu hiyo haiharibiki kwa kupasha moto upya. Ndiyo maana jibu la "tutapasha pale pale ufukweni" halitoshi, hata likitolewa kwa nia njema kabisa.

Kutambua si kwa kuonja wala kunusa, maana chakula chenye sumu hii kinaweza kuwa na ladha na harufu ile ile ya pilau nzuri. Dalili huja kwa watu. Kutapika huanza kati ya nusu saa na saa sita baada ya kula, na watu wengi huanza kwa mpigo mmoja, jambo linaloweza kuwakuta wakiwa ndani ya mabasi njiani kurudi. Uwezekano hapa, kwa ratiba ya saa kumi na tatu, ni 4. Madhara kwa mtu mzima mwenye afya ni 2 au 3, lakini kwa watoto wadogo na wajawazito hupanda, na idadi ya wagonjwa kwa mkupuo huweza kuielemea zahanati yoyote ya jirani.

Hatua za kudhibiti zinaanza kwenye mkataba wa mpishi, kabla hajalipwa. Pilau ipikwe kwa awamu, sufuria za kwanza zikiiva asubuhi ya siku hiyo na za mwisho zikiivia ufukweni kwenyewe. Chakula kisafirishwe kwenye vyombo vya kutunza joto. Kila chombo kipimwe kwa kipimajoto cha kuchoma katikati ya chakula, kwa sababu kile cha kuelekeza kama bunduki kinasoma uso tu, na uso wa pilau hausemi lolote kuhusu katikati yake. Kachumbari ikatwe mwisho, na wanaoikata wawe na maji yanayotiririka na sabuni. Kilicho chini ya nyuzi 60 kwa zaidi ya saa mbili hakigawiwi, na mwenye kipimajoto ana mamlaka ya kukizuia bila kumuuliza mtu. Hapo ndipo hatua nyingi hufa: kijana wa idara ya usalama anasimama mbele ya sufuria ya watu 100, nyuma yake foleni inanung'unika, na hakuna aliyemwambia mapema, mbele ya wote, kwamba neno lake ndilo la mwisho.

Kisha foleni yenyewe. Meza nane badala ya moja, kila moja ikihudumia watu wanne kwa dakika, humaliza watu 1,000 kwa dakika 31 hivi. Hata zikienda nusu ya kasi hiyo, ni saa moja. Wazazi wenye watoto wadogo wanahudumiwa kwanza, kwenye meza mbili zao, na watoto wote wanakaa chini ya hema la chakula. Gharama ya meza saba za ziada na wahudumu wake ni ndogo kuliko ya kitu kingine chochote kwenye jedwali, na inapunguza hatari mbili kwa mpigo: chakula kinaliwa kingali cha moto, na wazazi wanarudi kwa watoto wao. Mtu aliyejaza fomu mstari kwa mstari asingefikiria kuandika meza kama hatua ya kuzuia kuzama.

Foleni ina hatari nyingine inayoonekana mbali na sherehe za ofisi, lakini hulka yake ni ile ile. Februari 2020 watu 20 walifariki mjini Moshi kwenye mkusanyiko wa ibada, umati ulipokimbilia mahali pamoja kukanyaga mafuta ya upako. Machi 2021 watu 45 walifariki katika msongamano wa Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, wakati wa kuuaga mwili wa Rais Magufuli. Umati wa mikusanyiko hiyo ulikuwa mkubwa mno kuliko wa bonanza, na sidai kwamba ugawaji wa fulana ni sawa nayo. Ila kitu chochote kinachotolewa mahali pamoja, kwa muda mfupi, huku watu wakiamini hakitawatosha, huwavuta wote kwa mara moja. Zawadi za watoto zinazorushwa kutoka jukwaani ni mfano wa hilo, na mbele kabisa husimama walio wafupi. Fulana zinagawiwa ofisini siku mbili kabla. Zawadi za watoto zinapelekwa walipo, mkono kwa mkono. Mstari huo hauhitaji zaidi ya hapo.

Michezo ina mambo yake, ila mengi ni madogo. Mawili yanastahili madhara ya 5. La kwanza ni mechi ya maveterani, ambapo mtu wa miaka 50 aliyekaa ofisini mwaka mzima anakimbia mbele ya watoto wake jua la Desemba likiwa limepita nyuzi 30. Mechi hiyo iwe saa tatu asubuhi, vipindi viwe vifupi, na pembeni wawepo watu wanaojua kukandamiza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa sababu gari la wagonjwa halitafika ndani ya dakika zinazohitajika. La pili ni kuvuta kamba. Kamba ikikatika ikiwa imevutwa hurudi kwa nguvu kubwa. Mwaka 1997 mjini Taipei, katika mchezo uliokusanya zaidi ya watu 1,600 kwenye kamba moja, kamba ilikatika na wanaume wawili wakang'olewa mkono kila mmoja. Kwa hiyo timu ziwe na watu wachache, nane kila upande kama mashindano rasmi, kamba iwe iliyotengenezwa kwa mchezo huo wala si ya kufungia mizigo, na mwamuzi ahakikishe hakuna aliyeizungusha mkononi au kiunoni.

Mahema yanahitaji mstari wake pia, maana Desemba upepo wa kaskazi umeshaanza na vigingi havishiki kwenye mchanga. Kila mguu wa hema unafungwa kwenye uzito. Pipa la lita 200 lililojaa maji lina takriban kilo 200 na linapatikana kila mahali. Mwenye hema aandike kwa mkono wake ni upepo wa kiasi gani hema lake linastahimili, na mhusika atazame utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa jioni ya kabla na asubuhi yenyewe. Jenereta linakaa mbali na mahema, limezungushiwa uzio, na nyaya zake zinapita kwenye swichi inayokata umeme unapovuja, ile ya miliampia 30, kwa sababu muziki, mchanga mbichi na miguu mitupu havipatani.

Sasa isome safu ya mwisho ya jedwali kutoka juu kwenda chini bila kuangalia safu nyingine. Katika rasimu nyingi utakuta maneno ya aina mbili tu. Ama ni "kamati", ama ni cheo cha mtu mmoja kinachojirudia kila mstari. Katika mfano wetu tuseme jedwali lina mistari 14, na Afisa Utawala ndiye mhusika wa mistari 9. Chukua karatasi, andika saa nane mchana, kisha andika mahali anapotakiwa kuwa saa hiyo: kwenye sufuria akiwa na kipimajoto, ufukweni akihakikisha eneo limefungwa, langoni akizuia mabasi yasiegeshwe kwenye njia ya gari la wagonjwa, na jukwaani akimpokea mkurugenzi. Ni mtu mmoja na sehemu nne. Kwa kweli atakuwa jukwaani, na sote tunajua hivyo, kwa sababu mkurugenzi ndiye atakayemuuliza alikuwa wapi.

Mhusika ni mtu mmoja mwenye jina, ambaye saa ya hatari hiyo hana kazi nyingine. Amekubali kwa mdomo wake, amepewa vifaa, na ana uwezo wa kusimamisha jambo. Mkandarasi anaweza kufanya kazi, lakini mwajiri anabaki na mtu wake wa kumsimamia: mwenye hema anafunga hema, na mfanyakazi aliyetajwa anakagua kila mguu saa moja kabla ya mabasi kufika. Mwanakamati mwenye mtoto mdogo hapewi ulinzi wa ufukwe, maana mtoto wake akilia ataondoka, na ni haki yake kuondoka. Hatua ambayo haijapata mtu wa namna hiyo haiandikwi kwenye jedwali. Kama haiwezi kuachwa, basi shughuli yenyewe ndiyo inayoachwa.

Siku yenyewe wahusika wote wanakutana ufukweni saa moja asubuhi, wanatembea eneo zima kwa kufuata jedwali, na kila mmoja anaonyesha kitu chake kwa mkono: boya hili, pipa lile, kipimajoto hiki, njia hii ya gari la wagonjwa. Wanakubaliana hospitali itakayopokea majeruhi na njia ya kufika huko Jumamosi, kwa kuwa foleni ya pantoni na njia ya Daraja la Nyerere hazina muda sawa. Namba ya Zimamoto na Uokoaji, 114, inakuwa kwenye simu ya kila mmoja. Vilevile vinatajwa vitu vitakavyosimamisha shughuli bila mjadala: upepo uliopita kiwango kilichoandikwa na mwenye hema, mwokoaji mmoja asipofika, mtoto asipoonekana. Mtoto akikosekana, muziki unazimwa na maji yanatazamwa kwanza, kabla ya vyoo, maegesho na mahema, kwa kuwa kwenye maji ndiko dakika zinakohesabiwa.

Jioni msimamizi wa kila basi anahesabu watu na kulinganisha na orodha ya asubuhi kabla dereva hajawasha gari. Dereva huyo hakunywa, hakucheza, na alipata mahali pa kulala mchana. Jumatatu wahusika wanakaa nusu saa na kuandika, karibu na kila mstari, kilichotokea na kilichokaribia kutokea: chombo kimoja cha pilau kilichopimwa nyuzi 52 kikarudishwa, mapipa mawili yaliyokuta hayana maji, baba aliyevuka kamba saa nane na robo akiwa na mwanawe begani. Karatasi hiyo anakabidhiwa mwenyekiti wa kamati ya mwaka unaofuata siku anapochaguliwa, kabla hajapiga simu ya kwanza kutafuta ukumbi.